Mkalimani wa Malaba na Ripoti ya Mukhwana

Truphena Amuron alikuwa ameacha kazi ya ukalimani wa mahakama kule Busia kwa sababu ya miguu. Jioni miguu ilikuwa inavimba kutokana na kusimama kutwa kando ya kizimba, akigeuza Kiteso kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili, huku hakimu akimhimiza aharakishe. Mumewe alipopata kazi ya kupanga mizigo katika stesheni ya Malaba, wakahamia huko. Truphena akakodi meza moja katika ofisi ya wakala wa forodha. Madereva walimletea makaratasi ya mizigo, wajane walimletea barua za pensheni, naye akawasomea. Alikaa kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya kreti la soda, na kwa miaka kadhaa akaona amepata kazi isiyo na uzito.

Uzito uliletwa na Protus Simiyu. Huyu alikuwa ajenti wa kampuni moja ya Uingereza iliyokuwa ikikopesha watu malori. Mteja hulipa sehemu ya bei kwanza, halafu hulipa pesa zilizobaki kila mwezi, na lori linabaki mali ya kampuni mpaka shilingi ya mwisho. Kabla ya kukubali, kampuni iliagiza ripoti ya mwombaji kutoka kwa wapelelezi wa madeni Nairobi, kisha ikampa pointi. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kama mwombaji hakusoma Kiingereza, sharti mtu asiyekula kamisheni amweleze kila mstari, halafu atie sahihi kwamba ameeleza kwa ukweli. Simiyu alimlipa Truphena kwa kila mteja. Mwaka ule wa 1978 malipo hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipia karo ya binti yake.

Asubuhi moja Simiyu alimleta Mukhwana, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Matayos, pamoja na mkewe Roselida. Mukhwana alikuwa na lori moja kuukuu lililokunywa oili kama ng'ombe anavyokunywa maji, na alitaka la pili. Alikuwa amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Roselida alikaa nyuma yake kidogo, kikapu magotini.

"Mama, nisomee pole pole," Mukhwana alisema. "Mimi Kiingereza yangu ni ya good morning tu."

Truphena akaanza na mazuri. Akaunti ya benki ilikuwa imetunzwa vizuri. Cherehani iliyochukuliwa kwa malipo ya kila mwezi ilimalizwa bila kuchelewa. Roselida alitabasamu, kwa maana cherehani ile ilikuwa yake. Kisha Truphena akageuza ukurasa, akasoma kimya, akarudia tena.

"Mzee, unamjua Wesonga?"

"Huyo ni shemeji yangu. Ndugu ya huyu mama."

"Alichukua mashine ya kusaga kwa mkopo?"

"Ndiyo, kule Bumala. Mimi nilikuwa shahidi yake. Niliweka sahihi."

Truphena aliweka kidole juu ya neno. Kazi yake ya zamani ilikuwa imemfundisha kwamba neno zito likishatamkwa halirudi mdomoni. "Hapa hawakuandika shahidi, mzee. Wameandika mdhamini. Shahidi anasema tu kwamba ameona fulani akitia sahihi. Mdhamini anasema, huyu asipolipa, nitalipa mimi. Wesonga hakulipa. Mwenye mashine akawashtaki nyinyi wawili, na korti ikatoa hukumu. Deni hilo halijalipwa mpaka leo."

Mukhwana aliangalia dirishani, ambako malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea Uganda. "Korti gani? Mimi sijawahi kuingia korti."

"Ndiyo maana imeandikwa hukumu ya upande mmoja. Hakuna aliyejibu mashtaka, wala hakuna aliyefika. Korti haikusikiliza nani mkweli, ilimpa tu ushindi yule aliyekuja."

Simiyu akakohoa. "Mama Truphena, mwelezee pointi, ndiyo aone shida si kubwa."

Truphena akamweleza. Kampuni ilikuwa imetazama watu wengi waliowahi kukopa, waliolipa na walioshindwa, ikaona ni mambo gani huonekana zaidi kwa wale waliolipa. Kila jambo likapewa pointi. Kukaa nyumba moja miaka mingi kuna pointi, biashara ya muda mrefu ina pointi, akaunti ya benki, hata simu nyumbani. Kutoa pesa nyingi mwanzoni kunaongeza. Hukumu ambayo haijalipwa inapunguza sana. Aliyefika sitini anapewa lori. Mukhwana alikuwa na arobaini na tano.

"Simu hailipi deni," Mukhwana alisema. "Kwa nini inapewa pointi?"

"Hailipi. Waliona tu kwamba wengi wenye simu walilipa. Hawakupimi moyo wako, mzee. Wanakulinganisha na watu wengine."

"Watu wa Uingereza?"

"Wengi wao, nafikiri."

Mukhwana alicheka bila furaha. "Basi nimeshindwa na watu nisiowajua."

Simiyu akavuta kiti karibu. "Boss, sikia. Dawa iko. Lipa hiyo deni ya mashine, mimi mwenyewe nitakupokelea na kuipeleka. Wataandika *satisfied* hapa. Maana yake imefutwa. Pointi zinarudi zote, lori unachukua." Akamgeukia Truphena. "Si ndiyo, mama? Mwambie."

Truphena alifahamu jambo moja ambalo Mukhwana hakulifahamu. Simiyu alikuwa pia akimkusanyia madeni yule mwenye mashine, na kwa kila shilingi aliyoipata alikula sehemu yake. Alifahamu pia kwamba neno moja dogo la kukubali lingewaondoa wote ofisini wakiwa na furaha. Mukhwana alikuwa amekwisha kunyoosha mgongo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Karo ya muhula ilikuwa haijakamilika.

"Si kufutwa," alisema. "Maana yake imelipwa. Mstari unabaki kwenye ripoti, na tarehe ya hukumu inabaki. Atakayesoma ataona ulihukumiwa, kisha ataona ulilipa. Ni afadhali kuliko sasa, lakini jedwali la kampuni liko hapa, mzee, na hukumu iliyolipwa bado inapunguza pointi, ila kidogo kuliko isiyolipwa. Ukilipa utapata nane zaidi."

Mukhwana alihesabu kwa vidole. "Hamsini na tatu."

"Na pesa ya kulipa utaitoa wapi?"

"Ni ile ile niliyoweka ya kutoa mwanzoni."

"Basi zile pointi za pesa ya mwanzoni nazo zitashuka."

Simiyu alisimama. Hakupaza sauti, alisema tu kwamba mkalimani hulipwa kusoma, si kushauri, kisha akatoka nje kuvuta sigara. Truphena alijua ameshampoteza yeye na wateja wake.

"Kwa hivyo hakuna njia," Mukhwana alisema.

"Iko moja, lakini ni ya korti, si ya huyu. Kama samansi, ile karatasi ya kukuita kortini, haikukufikia, unaweza kuomba hukumu itenguliwe na kesi isikilizwe upya. Ikitenguliwa, na barua ikapelekwa Nairobi, mstari huu hauna msingi tena, wataondoa. Lakini utaapa kwamba karatasi haikufika kwako wala nyumbani kwako. Na utaeleza jinsi Wesonga alivyokwambia unatia sahihi kama shahidi."

"Nitaapa! Karatasi gani ilifika kwangu?"

Kikapu kilianguka. Ndizi zilisambaa sakafuni, na Roselida hakuinama kuziokota.

"Baba Wilkista," alisema, "usiape."

Mukhwana aligeuka.

"Ilikuja. Wewe ulikuwa safari ya Funyula. Mtu wa korti alikuja na baiskeli, akanipa, nikaweka kidole. Sikujua inasema nini. Nilimpelekea Wesonga anisomee, akasema ni mambo yake, nimwachie, nisikusumbue. Alikuwa analia. Mke wake alikuwa ametoka tu kuzika mtoto. Nikanyamaza."

Hatimaye Mukhwana akamwuliza Truphena, bila kumwangalia mkewe, "Na hiyo, mama, korti inasemaje?"

Truphena alitamani awe mahali pengine popote. "Karatasi ikipokelewa na mtu mzima wa nyumba, anayeishi nawe, korti huhesabu kwamba imekufikia. Bado unaweza kuomba, hakimu ana hiari yake, lakini huwezi tena kusema haikufika. Utasema ilifika, na utasema ni nani aliyeificha."

"Yaani nimsimamishe mke wangu kizimbani."

"Yeye na ndugu yake."

Mukhwana aliinama, akaokota ndizi moja moja, akazirudisha kikapuni. Alipomaliza alimwomba Truphena kalamu. Akaandika jina lake chini ya karatasi kwamba ameelezwa na ameelewa, herufi kubwa, polepole. Truphena naye akatia sahihi yake. Wakatoka, mume mbele, mke hatua nyingi nyuma.

Mukhwana hakwenda kuomba hukumu itenguliwe. Aliilipa hukumu yote mwenyewe, bila kupitia kwa Simiyu, akaziweka pesa katika ofisi ya korti Busia na kuchukua risiti. Lori la pili hakupata. Roselida alirudi kwa wazazi wake, na habari zilizofika Malaba zilisema kwamba aliondoka mwenyewe. Nyingine zilisema alifukuzwa. Simiyu alipata mkalimani mwingine, kijana aliyemaliza kidato cha nne, na wateja wake hawakuonekana tena kwenye meza ya Truphena. Binti alikaa nyumbani muhula mmoja.

Miezi mingi baadaye Roselida aliingia ofisini peke yake, amekonda. Alikuwa amerudi Matayos tangu mavuno. Aliitoa risiti ya korti kutoka kwenye kitambaa, akaomba barua ya kupeleka Nairobi ili wabadilishe mstari ule uandikwe kwamba deni limelipwa. Mukhwana alikuwa amekataa kushughulika nayo.

"Anakula chakula changu," alisema. "Anauliza kama watoto wamelala. Lakini jina la ndugu yangu halitajwi. Hata ndugu yangu akifa, sijui kama mzee ataenda kumzika."

Truphena aliandika barua, hakutoza kitu. Roselida aliisikiliza ikisomwa kwa Kiswahili, akaomba irudiwe, kisha akaondoka kuwahi gari la Busia.

Usiku huo Truphena alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa akimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Alimwambia kwamba maneno yale yale angeyasema tena, hata moja asingelibadilisha. Lakini kabla ya kutaja kiapo angemwomba yule mama atoke nje kwanza, amsubiri mumewe barazani, asilazimike kukiri.

Mumewe alifikiri. "Halafu mzee angeenda kuapa uongo bila kujua."

"Ndiyo."

"Sasa?"

Truphena alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaukausha, akautia mwingine.