Mbuzi wa Kwenye Zoezi

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu hapa Morogoro ni ya matofali ya kuchoma, na imejengwa kwa kabichi za Mgeta. Ndiyo maana chuo cha lugha kilipotafuta familia ya kukaa na binti mzungu, nesi anayejifunza Kiswahili, walikuja kwangu.

Jioni moja akaniletea zoezi. Mwalimu ametunga barua kwa rafiki wa kalamu, ameacha nafasi. Wewe unajaza kitendo, cha juzi au cha kesho, na majibu yako nyuma ya karatasi.

"Wiki iliyopita mwenyeji wangu ______ (kunipeleka) shambani. Jumamosi ijayo ______ (kuchinja) mbuzi wake mkubwa. Wewe na mwenyeji wako ______ (kula) nasi."

Akajaza: alinipeleka, atachinja, mtakula.

"Weka inshallah hapo," nikamwambia. "Neno la kesho halitoki kwenye nyumba hii likiwa uchi."

Akageuza karatasi. "Babu, kwenye majibu haipo."

"Basi majibu yamekosea."

"Nitapoteza maksi, babu."

Mke wangu akacheka. "Mwache mtoto, wewe ndiye uliyesoma?"

Binti akainakili barua vizuri, akaipiga picha, akamtumia rafiki yake anayejifunza Kiswahili Turiani. Ndivyo mwalimu alivyoagiza.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, hodi mlangoni. Rafiki huyo, na mwenyeji wake, mzee mkulima wa mpunga, kanzu imepigwa pasi.

"Tumeitika mwaliko," akasema mzee. "Tumeacha kula tangu asubuhi."

Binti akawa mwekundu kama nyanya. "Babu, lilikuwa zoezi tu!"

Zoezi! Mtu ametoka Turiani na njaa yake, nimwambie zoezi? Tatizo, mbuzi mkubwa niliye naye ni mmoja tu: beberu wangu wa mbegu, wa ukoo wa mbuzi wa maziwa, niliyemshusha mwenyewe kutoka Mgeta. Mtaa mzima huniletea majike. Nikimchinja, heshima ya zizi imekwisha. Nisipomchinja, ya nyumba imekwisha.

"Utafanyaje?" mke wangu akaninong'oneza.

"Lete kisu."

Nikamtoa beberu zizini. Mzee wa Turiani akasogea, akanusa, akashika pua.

"Ndiye huyu? Mzee mwenzangu, usituue! Nyama ya beberu huyu itanuka mpaka Kingolwira."

"Unasema mbuzi wangu ananuka?"

"Ananuka! Hata upepo unamkimbia. Tupe kuku, tutakushukuru."

Aliniokoa, najua. Lakini kutukaniwa beberu uani kwangu, mbele ya wanawake! Nusura nimchinje kwa hasira, ili ale akiri mwenyewe. Mke wangu akaninyang'anya kisu, akaenda nacho kwa majogoo wawili.

Tulikula vizuri, wali wa nazi na kuku. Kwa desturi firigisi ni ya mgeni wa heshima. Zote mbili nilikula mimi, taratibu, huku namtazama.