Kurasa Tano za Kwamboka

Mimi hupika chai ya wafanyakazi katika kiwanda cha majani chai, na ulimi wangu hauna likizo. Kwamboka alipoletwa na chuo kujifunza umeme kazini kwa wiki kumi na mbili, nilimpenda kwa sababu hakuniogopa.

Wiki ya saba homa ya matumbo ilimlaza hospitalini, Jumatatu hadi Ijumaa. Alimpigia simu msimamizi wake, Mzee Nyakundi, nikiwa namwekea chai mezani. "Lala upone, mama," mzee akamwambia, akakata simu, akarudia mandazi yake. Chuoni hakupigiwa mtu.

Alirudi nguo zikimning'inia. Daftari lake la kazi lilikuwa na kurasa tano tupu, na chuo hutaka kila siku iandikwe, msimamizi atie sahihi mwisho wa wiki.

"Mama Bosibori, nimwandikie mwalimu barua?"

"Barua ya nini? Unajitafutia kesi? Jaza tu, wote hujaza. Huyo mzee hasomi, anatia sahihi huku akitafuta miwani."

Akanakili kazi za wiki iliyotangulia. Mzee akasaini.

Wiki ya tisa mratibu wa mafunzo wa chuo, Mwalimu Chelagat, akaja kumkagua. Wakaketi kwenye kantini yangu, daftari wazi mbele ya mwalimu, mzee kando yao.

"Jumatano hii ya wiki ya saba ulipima mota ya kikaushio kikiwa kazini?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kikikausha nini? Ubao wa pale mlangoni unasema boila ya mvuke ilipasuka Jumanne jioni ya wiki hiyo, kiwanda kikafungwa hadi Ijumaa."

Niliweka birika chini. Siku hizo tatu mimi mwenyewe nilikuwa nyumbani nikipalilia mahindi, na sikukumbuka kumwambia Kwamboka.

Kwamboka akatoa karatasi ya hospitali mfukoni. Mwalimu akaisoma polepole.

"Ungeniletea hii wiki ile ile, na barua iliyopitia kwa msimamizi, ungefidia siku tano basi. Mzee, ulijua anaumwa?"

"Mimi? Sikuambiwa kitu," akasema Nyakundi.

"Alikupigia simu, Mzee! Nilikuwa hapa, mandazi yako yakiwa mdomoni," nikadakia.

"Mama, wewe pika chai."

Mwalimu akainua mkono. "Hata kama alipiga. Amejaza, na wewe umetia sahihi. Ugonjwa ningeuelewa. Hii itaenda kwa mkuu wa idara." Akamgeukia msichana. "Nani alikufundisha haya?"

Kwamboka alinitazama. Kisha akatazama meza.

"Ni mimi tu, mwalimu."

Nami, mwenye ulimi usio na likizo, nikamimina chai.

Jibu la idara lilikuja baada ya siku nane: mafunzo yamefutwa, aanze upya mwakani, mahali pengine. Mzee bado anakula mandazi. Kwamboka alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaniachia juu ya kaunta. Hakuniaga. Nilikuwa nimemwekea kikombe chake, kikapoa.