Tarehe Iliyofutwa Mara Mbili

"Shangazi, maneno unayofuta yanaendaga wapi?"

Carmen alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, amekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya shangazi yake Spéciose, katika duka moja la intaneti huko Rohero, mtaa wa Bujumbura. Ilikuwa 2003. Spéciose alicheka, akasema, "We kula andazi lako," na vidole vikaendelea kufuta.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia imeli wasiojua mashine. Watu walimletea karatasi ndefu zilizojaa salamu, naye alizipunguza. Siku milio ya risasi ya milimani ilipokaribia mjini, alisema kwa mzaha, watu walifupisha wenyewe. Siku nyingine ilibidi awasaidie. Na alijivunia. Wateja wa Buyenzi walimwita Mama Mkasi.

Mwezi wa sita akaja Bahizire, fundi gari, Mkongomani wa Uvira anayeishi Buyenzi. Binti yake Olga, wa miaka tisa, alipigwa jicho la kulia na springi ya gari pale gereji, na sasa jicho lilikuwa limefunikwa na weupe. Madaktari wa macho wa Nairobi walikuwa waje Bujumbura kwa juma moja. Walitaka imeli isiyozidi kioo kimoja cha kompyuta, na walichukua kwanza watoto ambao ajali yao haijapita miezi sita.

Karatasi ya Bahizire ilikuwa kurasa tatu.

"Papa, hapa umeandika 'kwa heshima na taadhima nachukua nafasi hii ya pekee kuwajulisha ya kwamba ninaomba'," Spéciose alisema. "'Ninaomba' peke yake inatosha."

"Si watasema mi sina adabu?"

"'Waheshimiwa' nimekuachia. Na huku umesema mara nne kwamba unateseka."

"Ninateseka kweli, Mama."

"Mara moja wataamini. Mara nne watalala."

Bahizire akacheka, akarudi kazini. Spéciose akakata. Salamu kwa jamaa za madaktari, zikaenda. "Kama nilivyokwisha kusema hapo juu," ikaenda. Tarehe ya ajali, 14 Februari, ilikuwa juu na tena chini. Akaifuta ya juu, kwa kuwa ya chini ipo.

Umeme ukakatika. Uliporudi, alifungua barua aliyokuwa ameihifadhi, akaanzia mwisho, maana ndiko alikokuwa hajagusa. Akaikuta ile tarehe. Hii nimeiona juu, akajiambia. Akaifuta.

Akahesabu: mistari tisa, safi kabisa. Jina lilikuwepo, umri, jicho, springi, mahali pa kumpata baba. Akatuma bila kuilinganisha na karatasi.

Jibu lilikuja siku ya nne. Hamkusema mtoto aliumia lini. Orodha imejaa. Atawekwa kwenye safari ijayo.

Spéciose alilisoma mara tatu. Akaichukua karatasi ya Bahizire, na ile tarehe ilikuwepo mara mbili, kwa mwandiko mzito wa mtu aliyebonyeza kalamu. Uso ukamwaka. Palepale akawaandikia: "Olga aliumia tarehe 14 Februari 2003. Tarehe niliifuta mimi, baba yake aliiandika." Hawakujibu.

Bahizire alipofika, mikono ingali na grisi, Spéciose alimsomea mstari mmoja tu: orodha imejaa.

"Ni mi," Bahizire akasema taratibu. "Niliandika maneno mingi. Wakachoka nami."

Hapo ndipo mtu angesema ukweli. Spéciose alitazama kibodi.

"Ndivyo walivyo watu wa ofisi, Papa," akajibu.

"Apana, we ulinisaidia. Mi ndiye nina mudomo murefu." Akamshukuru. Alimshukuru, na hilo ndilo lililomkosesha Spéciose usingizi.

Safari ijayo ilikuja baada ya miezi minane. Olga alipasuliwa, lakini jicho lilikuwa limezoea giza. Linaona mwanga na vivuli tu. Bahizire akawa mtu wa maneno machache. Watu wa Buyenzi walishangaa, fundi yule mcheshi siku hizi anajibu kwa kichwa.

Tangu hapo Spéciose hakukata kabla ya kuandika pembeni: nani, nini, lini, wapi, anaomba nini. Akimaliza, anaweka alama kila kimoja kwa kukitazama kwenye kioo, si kwa kukikumbuka. Mama Mkasi, alikataa kuitwa tena.

Carmen ana miaka kumi na sita sasa. Majuzi, shangazi akimsahihishia barua ya shule, alimuuliza swali lile tena, kwa utani tu. Spéciose hakucheka.

"Mengi hayaendi popote, hayakuwa na kazi," alisema. "Moja nilikaa nalo miaka tisa. Jana nimelirudisha kwa Bahizire. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini nilimwacha ajifunze kunyamaza."