Karatasi ya Mama Nukta

Tulimwita Mama Nukta kwa sababu nukta ya desimali ikikosewa mahali, yeye ndiye aliyeiona. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi, alifungua kurasa za benki kuu moja baada ya nyingine na kujaza viwango vya riba kwenye jedwali. Mimi ndiye niliyeunda mfumo wa kumpumzisha. Hilo la kumpumzisha nililisema mimi. Yeye hakuwa ameomba.

Kazi ya ofisi yetu, mfuko mdogo wa uwekezaji, ni rahisi kuieleza. Tunakopa sarafu yenye riba ndogo, tuliyoipa jina la Nafuu, tunaibadilisha, kisha tunaiweka kwenye sarafu yenye riba kubwa, Tamu. Nafuu ilikuwa robo asilimia, Tamu saba na robo. Pengo la pointi saba kwa mwaka ndilo faida yetu, almradi bei ya Nafuu isipande, maana deni linalipwa kwa Nafuu. Mfumo wangu ulisoma viwango wenyewe, ukapima mapengo na kuyaonyesha ukutani: kijani tulia, nyekundu toka, yaani lipa deni haraka.

Wiki ya kwanza ulisoma taarifa ya zamani ukadhani ni mpya, ukawaka nyekundu bure. Watu walinicheka hadi uso ukaniiva. Nikauagiza usome kurasa siku za vikao vya ratiba tu, benki kuu zinapokutana kupanga riba.

"Na wakikutana kwa dharura?" Mama Nukta aliuliza.

"Mama, hawa si watu wa kukurupuka."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Jumanne ile nilikuwa nauonyesha mfumo kwa wakurugenzi. Simu zote zilizimwa, mkuu wetu yuko mbele kifua mbele, ukuta kijani kitupu. Mama Nukta peke yake alibaki mezani, bila ruhusa ya kuuza wala kununua. Saa nne na dakika kumi akagonga. Nikachungulia mlangoni, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Isome sasa hivi, mwanangu."

"Kungekuwa na kitu, mfumo ungesema," nikamjibu kwa sauti ya kusikika. Mkurugenzi mmoja akacheka. Nikaitia karatasi mfuko wa shati na kuufunga mlango.

Tulitoka saa sita. Benki kuu ya Nafuu ilikuwa imekutana nje ya ratiba ikapandisha riba hadi robo tatu. Pengo lilipungua nusu pointi tu, na hilo tungelimeza. Kilichotumaliza ni bei: wote waliokopa Nafuu walikimbilia kuinunua walipe madeni, ikapanda asilimia tatu na nusu. Faida ya nusu mwaka ilikwenda ndani ya asubuhi moja, na ukuta bado kijani.

Kesho yake mkuu alituita wawili.

"Nani alikuwa mezani?"

"Mimi," alisema Mama Nukta. "Niliandika karatasi, nikampa huyu."

Mkuu akanigeukia. Nilikuwa nimevaa shati lilelile. Sikulala, wala sikukumbuka kubadilisha. Karatasi ilikuwa kifuani pangu.

"Sikuona karatasi," nikasema.

Mama Nukta alinitazama, akasubiri nijirekebishe. Nikajikausha. Mkuu akamwambia akabidhi meza Ijumaa. Alibakiza miezi mitano astaafu. Naandika haya na bado nataka ardhi inimeze.

Siku mbili nilizunguka na ile karatasi kama niliyeiba. Kuitupa nilishindwa, kuisoma nilishindwa. Ijumaa asubuhi nikapiga moyo konde, nikaiweka mezani kwa mkuu na kumweleza yote, pamoja na ile amri ya siku za ratiba. Alinifokea, na nilistahili. Kisha akamwita Mama Nukta, ambaye tayari alikuwa ametia kikombe na miwani yake kwenye mfuko.

"Rudi mezani kwako, mama. Tumekukosea."

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Juzi ulikuwa na mdomo huohuo," akanijibu.

Aliichukua karatasi na kuigeuza. Mikunjo ilikuwa minne, imebanwa kwa ukucha wake, haijaguswa. Akanirudishia.

"Hata kuifungua hukuifungua. Soma. Kwa sauti."

Nikaisoma mbele ya mkuu: "Nafuu wamepandisha hadi 0.75 leo, si siku ya ratiba. Mfumo wako hautaona. Waambie wakurugenzi wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa wengine, heshima iwe yako."