Vidonge Ambavyo Mama Alitaka Kuvilipa

Ramadhani ya Iringa ina baridi yake. Watu wa pwani hulalamikia kiu, lakini sisi tuliokulia kule juu tulilalamikia vidole. Mama alituamsha kula daku kwa kutuvuta blanketi, bila huruma hata kidogo, na tulipofika jikoni tulikuta ameshalikoleza jiko la mkaa. Uji wa mchele aliutia pilipili manga mpaka pua zinatoka kamasi. Sasa nina jiko la gesi Ilomba, Mbeya, na pilipili manga ya pakiti, na uji wangu haujawahi kuufikia ule. Nimeshaacha kujaribu.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kihehe, Mlutheri, na hakuna Ramadhani iliyopita bila yeye. Kila Ijumaa alikuja jioni na magimbi ya bustani yake, akatusalimu "Kamwene" mlangoni, akakaa mkekani akisubiri adhana pamoja nasi kama aliyefunga. Mama alimtania kwamba peponi ataingia kupitia mlango wa jikoni. Nayakumbuka magimbi yale kuliko nyama yoyote ya Idi niliyowahi kula.

Mama hakuwa mtu wa kukosa mfungo. Siku ambazo mwanamke husamehewa alizihesabu kwa maharage: kila siku aliyokula, punje moja ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati. Baada ya Idi alianza kulipa, siku moja, punje moja inatoka, mpaka kopo linakuwa tupu. Alilipa haraka, kabla hata harufu ya pilau haijaisha nyumbani. Alikuwa akiniambia hapendi kulala huku kopo linalia.

Halafu tukazeeka wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Mimi niliota goita shingoni, kama wanawake wengi wa nyanda hizi, nikafanyiwa upasuaji Mbeya na tezi ikaondolewa. Tangu siku hiyo nameza kidonge kila siku. Nilipoulizia kufunga, daktari alinielekeza vizuri: nikimeze kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku, au wakati wa kulala, saa tatu au nne baada ya kula. Nisikichanganye na chai ya maziwa, maana hakitaingia mwilini sawasawa. Nikisahau siku moja nisihangaike, dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nilirudi nyumbani nikijiona daktari wa nusu.

Mama yeye alikuwa na ugonjwa wa viungo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza prednisoloni, vidonge viwili kila asubuhi baada ya chai, na ndivyo vilivyomwezesha kushika mwiko. Mwaka ule, siku chache kabla ya mwezi kuandama, alinipigia simu.

"Mwanangu, hivi vidonge vyangu vinataka chakula asubuhi. Sasa nikifunga nafanyaje?"

Nilikuwa kazini, nina haraka, na nina ujuzi wangu wa nusu. Nikamwambia, "Mama, si ni vidonge tu kama vyangu. Ukiviacha siku chache havidhuru. Vipumzishe."

Hilo ndilo neno nililosema. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka kwa namna nyingine, nimeshindwa.

Siku ya sita ya mfungo jirani akanipigia. Alikuja na magimbi yake, akasema kamwene, hakuitikiwa. Akamkuta mama amekaa sakafuni jikoni, ameegemea kabati, ametapika, jasho jembamba, hawezi kusimama. Alimpa maji ya sukari bila kuuliza saa, akaita bajaji, akampeleka hospitali. Nilipanda basi la kwenda Iringa, na njia nzima nilikuwa nikiiombea saumu yangu isikubaliwe, ila mama yangu apone.

Nilimkuta na dripu mkononi. Presha ilikuwa imeshuka sana, sukari nayo, na walikuwa wamemchoma sindano ya dawa ya aina ileile ya vidonge vyake kwenye mshipa. Alikuwa ameanza kupata rangi. Daktari, kijana mpole, alikaa kwenye kona ya kitanda akatueleza. Juu ya figo kuna tezi ndogo ambazo humtengenezea kila mtu dawa hii kila siku. Ukiimeza kwa miaka, tezi zinalala, zinajua unaletewa. Ukiikata ghafla, haipatikani ya kidonge wala ya mwili, na mtu anaweza kufa ndani ya siku chache.

"Nani alikuambia uache, mama?"

Mama akatazama dirishani. "Nilijisahau tu, daktari."

Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa bei ya nyanya, alikuwa akidanganya kwenye Ramadhani ili kunifunika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia."

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu vidonge vilivyobaki viko wapi, na jirani akasema aliviona kwenye kopo la kahawa. Vidonge kumi na viwili, vya siku sita, mahali pa maharage.

"Nilikuwa nitavilipa baada ya Idi," mama akasema. "Viwili juu ya vya kila siku, mpaka viishe."

Daktari akamgeukia. "Mama, siku za kufunga kazungumze na shehe, yeye ndiye anayejua zinavyolipwa. Dawa hailipwi. Ya leo ni ya leo."

Mwezi ule hakufunga tena. Shehe alimwambia ale bila kuwa na wasiwasi, mgonjwa ameshasamehewa. Nilibaki naye wiki nzima. Adhuhuri nilimpikia uji, naye aliunywa akiwa amenipa mgongo. Ilinichoma kumwona anajificha ndani ya nyumba yake.

Mwaka uliofuata nilijifunza kufunga mdomo. Mwezi mzima kabla ya Ramadhani nilimpeleka kwa daktari yuleyule, na maswali yote mama akauliza mwenyewe. Dozi ilikuwa imepunguzwa polepole, sasa kidonge kimoja kwa siku, na presha ilikuwa nzuri. Daktari akamruhusu kujaribu, kwa masharti: kidonge akimeze wakati wa daku pamoja na chakula, asikiache hata siku moja. Akipata homa, au akizidiwa kizunguzungu, afungue papo hapo, na siku za homa ameze viwili. Akitapika dawa, asisubiri, akimbilie sindano. Wengine wenye dawa hizi hawaruhusiwi kufunga kabisa, akatuonya, na yeye pia huenda siku moja akakatazwa. Mama alimrudishia maneno yote, moja baada ya jingine, kama mtoto wa madrasa.

Alifunga siku kumi. Kila magharibi nilimpigia kutoka Ilomba, na kila magharibi alikuwa na furaha ya kunikera. Mimi nilikuwa silali vizuri. Nilijua alivyo: mtu wa kumaliza alichoanza hata akiwa anatambaa.

Siku ya kumi na moja alipiga yeye, saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Nilipoliona jina lake kwenye simu, nilitoka nje nikapokea.

"Nimeamka na homa," akasema. "Cha daku nilikuwa nimeshameza, nimeongeza kimoja. Na sasa nakunywa chai, na mkate juu yake. Jirani yuko hapa, tunakwenda hospitali wakanipime."

Nikaanza kulia.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Leo nimefunga mpaka saa nne tu, kama watoto."