Mstari wa S Ulioachwa Tupu

Wauguzi walimwita Mama Gramu, na hakuwahi kulichukia jina hilo. Alikuwa mtaalamu wa lishe wa hospitali kubwa yenye wodi kumi na moja, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwembamba, anayetembea haraka huku kalamu imechomekwa nyweleni. Alianza kazi akiwa na mwenzake mmoja. Mwenzake alipokwenda likizo ya uzazi hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, na baadaye mwenzake huyo akapata kazi kwingine. Mama Gramu akabaki peke yake na wagonjwa themanini.

Kila mwaka alipewa wanafunzi wa vitendo, na somo lake la kwanza halikubadilika. Aliandika ubaoni herufi nne, S, O, A na P, moja chini ya nyingine. Wanafunzi walicheka kwamba zikiungana zinakuwa sabuni kwa Kiingereza. Aliwaacha wacheke, halafu akawaeleza kwamba hiyo ndiyo mistari minne ya noti, maelezo yanayoandikwa kwenye faili la mgonjwa. S ni yale unayoambiwa. O ni yale unayoyapima na kuyaona kwa macho yako. A ni tathmini yako, yaani hayo mawili yana maana gani. P ni mpango: utafanya nini, kiasi gani, na utajuaje kama umefaulu.

"Mgonjwa akiwa hawezi kusema, S haifi," aliwaambia. "Kuna mke, kuna dada, kuna nesi wa zamu. Muulizeni anayekaa pale kitandani."

Alilisema hilo kwa miaka kumi na tisa. Mwaka uliofuata yakamkuta yeye mwenyewe.

Mgonjwa alikuwa fundi cherehani mstaafu aliyepatwa na kiharusi akiwa sebuleni kwake. Upande wa kulia ulilala, maneno yakapotea, na kila alichomeza kilikwenda njia ya hewa. Akapitishiwa mpira puani hadi tumboni. Mama Gramu alifika siku ile ile, akampima, akapiga hesabu. Kilo hamsini na nane. Akaagiza chakula cha maji cha kopo, kianze taratibu na kifike mililita sitini kwa saa, mchana na usiku, kikisukumwa na pampu. Kwa siku nzima hiyo ni mililita elfu moja mia nne na arobaini, na kila mililita ina kalori moja. Noti ya siku hiyo haikuwa na kasoro.

Kasoro ilikuja siku ya nne. Alikuwa na wagonjwa ishirini na watatu wa kuandikia kabla ya saa sita, na faili la fundi lilikuwa mezani kwa wauguzi, mwanzo wa wodi. Karatasi inayoandikwa kila kinachoingia na kutoka mwilini ilikuwa imetundikwa kitandani, mwisho kabisa wa wodi. Hakwenda. Kwenye S akaandika: mgonjwa hazungumzi. Kwenye O akaandika mililita 60 kwa saa, jumla 1,440, akiinakili kutoka karatasi ya maagizo. Kwenye A akaandika: mlisho unatosheleza mahitaji. Kwenye P: endelea. Siku ya sita akaandika vivyo hivyo, neno kwa neno.

Siku ya nane alipita na mzani wa kuning'iniza. Fundi alikuwa kilo hamsini na tano na nusu. Mzingo wa mkono ulikuwa umepungua sentimita moja na nusu, na chini ya mgongo ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Mama Gramu akasimama na karatasi yake mkononi, akitafuta kilichokosewa. Mtu anayepata kalori zake zote hasinyai hivyo ndani ya wiki.

Kando ya kitanda alikaa mke wa fundi, mama wa miaka sitini na kitu, aliyevaa kandambili na soksi. Alikuwa pale kila siku tangu mumewe alazwe. Mara mbili, siku ya nne na ya sita, Mama Gramu alimsalimu tu kwa mbali, akiwa mezani kwa wauguzi.

"Mama, hiki chakula kinamwingia vizuri?"

Yule mama akamtazama kwanza, kama anayehakikisha kwamba ni yeye anayeulizwa. "Kikiwashwa kinaingia, mwanangu. Lakini kinazimwa sana."

"Kinazimwa lini?"

"Wakimwogesha wanazima. Wakimgeuza wanazima. Jumanne walizima asubuhi, wakasema anakwenda kupigwa picha ya kichwa. Alikwenda alasiri. Aliporudi hakuna aliyewasha mpaka nilipouliza usiku. Juzi ule mpira uliziba, walisaga dawa, ule unga wakaupitisha mzito. Ukakaa umeziba mpaka kesho yake. Na hiyo mashine yenyewe kuna siku inahamishiwa kwa yule baba wa kitanda cha tatu. Wanasema iko moja."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia kila aliyepita. Wakaniambia, mama, mtu wa chakula ameshaandika kwamba anapata chakula cha kutosha."

Mama Gramu akaiweka karatasi yake kitandani. Akaichukua karatasi iliyotundikwa kitandani, akavuta kiti, akaanza kujumlisha. Mililita mia tano, mia tatu na themanini, mia tisa, siku moja mia mbili na kumi tu. Kwa siku saba fundi alitakiwa kupata mililita elfu kumi na themanini. Alikuwa amepata elfu nne mia moja na thelathini. Akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu. Jibu lilikuwa lile lile. Asilimia arobaini na moja.

Akakaa pale pale, faili magotini, akaandika noti ya tatu.

Kwenye S akaandika maneno ya mke, kila kuzimwa na sababu yake na siku yake, na akataja kwamba ni ya mke. Kwenye O akaandika uzito, mzingo wa mkono, hali ya ngozi, na takwimu mbili zikiwa zimetenganishwa: kilichoagizwa na kilichoingia. Kwenye A akaandika kwamba mgonjwa hapati nishati na protini za kutosha, sababu ni kusimamishwa mara kwa mara kwa mlisho, ushahidi ni asilimia arobaini na moja na kilo mbili na nusu zilizopotea. Kwenye P hakukurupuka. Mwili uliokaa na njaa wiki nzima ukijazwa chakula ghafla, madini ya damu huporomoka na moyo unaweza kusimama. Akaomba potasiamu, fosfeti na magnesi vipimwe kwanza, vitamini B1 itangulie, kisha mlisho upande kwa hatua kwa siku tatu. Baada ya hapo lengo liwe ujazo wa siku, si mwendo wa saa, ili saa zilizopotea zifidiwe siku hiyo hiyo kwa kiasi kisichozidi mililita tisini kwa saa. Dawa ziombwe za maji. Mpira usafishwe kwa maji mililita thelathini kabla na baada ya dawa. Yeye mwenyewe atajumlisha karatasi ya kitandani kila asubuhi.

Halafu akaongeza mistari ambayo hakuna aliyemlazimisha kuiandika. Kwamba noti zake za siku ya nne na ya sita si sahihi, kwa kuwa aliandika kiasi kilichoagizwa kana kwamba ndicho kilichoingia, bila kuangalia. Akaweka tarehe, saa na sahihi.

Kabla ya saa kumi daktari wa wodi alikuwa ameshaisoma. Alimkuta kwenye korido.

"Hii ni noti au ni hati ya mashtaka?"

"Ni noti, daktari."

"Ungeniambia kwa mdomo. Umeandika mpaka pampu kuhamishwa."

"Ilihamishwa."

"Najua ilihamishwa," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Sasa na wenye suti kule utawala watajua." Lakini maagizo yake aliyatia sahihi yote.

Mkuu wa kitengo alimwita ofisini. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, na bado waliitana dada. Alimsogezea karatasi tupu. "Andika upya, dada. Sema ulaji haukufikia lengo. Asilimia za nini? Na hiyo aya ya mwisho unajichongea mwenyewe."

"Noti haiandikwi upya."

"Zinaandikwa upya kila siku."

"Hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa," Mama Gramu akasema, akaiacha karatasi mezani.

Kwa siku tisa fundi alipata chakula chake. Ilipatikana pampu ya pili, iliyokuwa imefungiwa stoo kwa kukosa waya, na waya ulinunuliwa. Madini ya damu yalikuwa chini kama alivyohofia, yakarekebishwa. Uzito ukasimama. Mke akaanza kumsimulia Mama Gramu habari za cherehani, jinsi mumewe alivyokuwa akikata suti kwa kumtazama mtu tu bila kumpima. Siku ya kumi na nane homa ikampanda, kifua kikajaa. Siku ya kumi na tisa, kabla ya chakula cha mchana, akafa.

Hakuna aliyeweza kusema kama zile siku saba ndizo zilizomuua. Kiharusi kilikuwa kikubwa. Mama Gramu alijua hilo, na halikumsaidia kitu.

Familia ililalamika, kamati ikakaa. Wajumbe walifungua faili kutafuta nani alikosea. Wauguzi hawakuwa wameandika kwa nini walizima. Kitengo cha picha hakikuwa kimeandika saa. Aliyehamisha pampu hakuandika popote. Katika faili zima, mtu mmoja tu alikuwa ameandika kwamba amekosea, tena kwa mwandiko unaosomeka. Barua ya onyo ikaenda kwake, na baada ya mwezi akahamishiwa jikoni, kukagua stoo na ratiba ya chakula cha wafanyakazi. Wodini akaletwa kijana wa mkataba, na fomu mpya yenye majibu ya kuwekewa alama tu. Kwa wagonjwa wa mpira, mstari wa S ulikuja umeshachapishwa: mgonjwa hawezi kujieleza.

Siku moja akitoka stoo alimkuta mke wa fundi kwenye dirisha la ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, bahasha mkononi. Walikuwa wamempa nakala za faili.

"Zimeandikwa kwa lugha yenu ya hospitali," yule mama akasema. "Nisomee. Zile zako tu."

Wakakaa kwenye benchi. Mama Gramu akasoma ya siku ya kwanza, halafu ya nane, akimfasiria taratibu. Yule mama akasikia maneno yake mwenyewe, Jumanne na picha ya kichwa, mpira ulioziba, kitanda cha tatu. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akachomoa karatasi mbili zilizokuwa katikati.

"Na hizi?"

Mama Gramu akasoma siku ya nne. Akasoma siku ya sita. Hakuruka neno.

"Siku hizo nilikuwepo," mke wa fundi akasema. "Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Ulikuwepo, mama."

"Ulinisalimu."

"Nilikusalimu."

Yule mama akazipanga karatasi, akazirudisha kwenye bahasha, akaifunga kwa kuilamba gundi kana kwamba anakwenda kuipeleka posta. Alipoinuka, Mama Gramu naye akainuka, akanyoosha mkono kumshika apate kusimama vizuri. Yule mama alikuwa ameshashika ukuta. Akasimama mwenyewe, akaelekea mlangoni.