Maswali Matatu Kabla ya Jina

Maswali yale niliyaandika mimi mwenyewe. Nilikuwa karani wa utawala katika kliniki ya binafsi hapa Kamembe, na makao makuu yetu Kigali yalikuwa yamenunua mfumo wa kupokea maombi ya kazi mtandaoni. Tulihitaji mkunga. Mkuu wa rasilimali watu alinipigia simu, akanielekeza nikiwa mbele ya kompyuta.

"Weka maswali matatu ya mchujo juu kabisa," alisema. "La kwanza, leseni halali ya ukunga ya Rwanda. La pili, kama anaruhusiwa kufanya kazi nchini bila mwajiri kumwombea kibali. Hayo ni Ndiyo au Hapana. La tatu, mshahara anaotaka, kwa tarakimu tu. Hapana moja, au tarakimu ikipita kiwango chetu, mfumo unamwondoa."

"Na wasifu wake?"

"Wa nini tena? Ameshatoka."

Kiwango nilikiingiza mimi. Mwombaji hakioni. Halafu nikaandika barua ya kukataa, ile inayojituma yenyewe: *Baada ya kupitia maombi yako kwa makini, tunasikitika.* Mkuu akaniambia nichague itumwe siku moja baadaye. Ikienda dakika ileile, alisema, watu watajua hakuna aliyesoma.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chumba cha kupanga, na aliyekaa humo wakati huo alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mkunga. Alikuwa amevuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili na binti yake mdogo mambo yalipoharibika ng'ambo, upande wa Congo, akidhani atakaa wiki mbili. Ilikuwa inaelekea mwaka. Asubuhi alikuwa anauza nguo za watoto sokoni, na jirani yeyote mwenye mimba aliyekuwa na wasiwasi alipita kwake kwanza ndipo aende kituo cha afya. Yeye hakumgusa mtu. Alisikiliza, akauliza maswali machache, akawaambia waende haraka au waende taratibu. Sikuwahi kusikia amekosea.

Tangazo lilipotoka alikuja sebuleni kwetu Jumamosi mchana na faili la plastiki. Ndani mlikuwa na diploma yake, barua za madaktari wawili, na wasifu wa kurasa tatu aliokuwa amepigisha chapa kwenye duka la uchapaji.

"Mwanangu, unisaidie. Mimi kompyuta sijue muzuri."

Nilipaswa kumwambia palepale kwamba maswali yale yatamwondoa. Badala yake nilifungua fomu, nikamsomea swali la kwanza.

"Niko na numéro ya Ordre, baraza ya bakunga ya Congo," alisema. "Miaka kumi na munane sasa."

"Wanauliza ya Rwanda, Maman."

"Basi andika hivi: ya Congo iko, ya huku ninatafuta."

"Hakuna pa kuandika. Ni Ndiyo au Hapana."

Akainama kutazama, kana kwamba labda sikuona vizuri. Nilimweleza kwamba ya Rwanda inatolewa na baraza la wauguzi na wakunga. Alijua. Alikuwa ameshauliza. Walitaka shule yake ithibitishe diploma, na ofisi ya shule ile ilikuwa imefungwa, simu ya katibu haikupokelewa tena.

Swali la pili lilikuwa baya zaidi. Akiwa raia wa Congo angeweza kupata kibali cha kazi, lakini pa kuanzia ni barua ya mwajiri anayemtaka. Fomu ilitaka kibali ndipo iangalie kama inamtaka.

"Weka Ndiyo," nilimwambia. "Baadaye utaeleza."

"Hapana. Bakikuja kuangalia, iko uongo. Mimi ninashika batoto ya bantu. Siwezi kuanza na uongo."

Akasema niweke Hapana mara mbili. Kwenye mshahara alitaja kile alichokuwa akipata hospitali ya Bukavu, na hata hicho kilikuwa juu ya kiwango nilichokiandika. Nikamwomba ashushe. Nilijua haisaidii kitu, majibu mawili yalikuwa yameshammaliza, lakini nilimwomba.

"Ninyi munauliza bei yangu mbele ya kuuliza jina yangu?"

Alishusha kidogo. Bado ilipita. Ndipo fomu, ambayo haimwambii mtu kwamba ameshatoka, ikafunguka kwenye jina, anwani, na mahali pa kupakia wasifu. Alisimama nyuma yangu mpaka akaona kurasa zote tatu zimeingia, akanishukuru, akaniletea sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, za kukaanga kwenye sahani.

Kesho yake, saa ileile, alikuja na simu mkononi. Nilikuwa naosha vyombo.

"Bamekataa," alisema. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyevunjika. "Ni sawa. Angalia hapa. Banasema bamepitia kwa makini. Basi bamesoma. Bamejua kama niko muntu wa kazi."

Nilikausha mikono. Nilisema, "Ndiyo, Maman." Hilo ndilo neno nililolisema.

Jumatatu nilifungua mfumo. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioondolewa, na kando ya wasifu wake paliandikwa kwamba haujafunguliwa. Niliufungua, nikausoma mpaka mwisho. Alikuwa amesimamia wodi ya uzazi. Alikuwa amefundisha wanafunzi. Kulikuwa na kitufe cha kumrudisha kwenye orodha, na mfumo huandika jina la anayekibonyeza. Sikukibonyeza. Nilichapisha zile kurasa, nikampelekea daktari mkuu wa kliniki.

Alizisoma akiwa amesimama. "Huyu ni mzuri," alisema. "Lakini bila leseni simwingizi chumba cha kujifungulia. Mtoto akifa, tutasema nini?"

Hakukosea. Hilo swali la kwanza hata leo siwezi kulilaumu.

"Tumwandikie basi barua ya kumtaka, aanze kutafuta kibali huku leseni akiifuatilia?"

"Uliza Kigali."

Kigali walijibu kwa mstari mmoja: hakupita kwenye mfumo. Niliomba swali la pili libadilishwe, liulize kama mtu anaweza kupata kibali. Walisema ni wazo zuri, watalijadili.

Mkunga hatukumpata. Waliopita walikuwa wachache, na yule tuliyemchagua, siku ya kuleta nyaraka ikaonekana leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Alikuwa ameweka Ndiyo. Nikaagizwa kutangaza upya.

Jioni ya siku lilipotoka tangazo jipya, mama yule alinikuta mlangoni. Alikuwa ameliona. "Nitume tena? Safari hii pengine atasoma muntu mwingine."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba hakuna aliyesoma, kwamba barua inajituma, kwamba niliiandika mimi, na maswali pia. Alikaa kwenye ngazi. Hakunifokea, na ningependa angenifokea.

"Hata ukurasa moja?"

"Mimi nilisoma. Baadaye."

"Wewe ulikuwa unanijua," alisema. "Wewe haihesabiki."

Baada ya hapo aliendelea kunisalimia, kwa adabu, kama mtu anavyosalimia ofisi. Jirani mmoja alipokuja kumuuliza kuhusu mimba yake, nilimsikia akimwambia aende tu kituo cha afya, hakuuliza kitu. Mwezi uliofuata alimrudisha binti yake Bukavu kwa dada yake, kisha naye akavuka. Chumba tulimpangishia fundi cherehani.

Swali la pili halijabadilika. Nafasi ikitokea, mfumo unaniuliza kama nataka kunakili fomu ya zamani. Kuandika upya kunahitaji idhini ya Kigali. Nanakili.